Pete ya Giges: mchungaji asipoonekana, haki inabaki?

Mlimwengu wa Tanga: Wadau, mwanafalsafa Mgiriki Plato ana hadithi ya Giges, mchungaji wa mfalme wa Lidia aliyeokota pete. Akigeuza kito kuelekea kiganjani, haonekani. Anaishia kulala na malkia, kumuua mfalme na kukalia kiti. Msimulizi anadai ukimpa mwema pete kama hiyo na mwovu nyingine, wote watafuata njia ileile. Mnakubali? Na je, kisa hiki kinapima kweli haki pasipo shahidi?

Kijiwe cha Kahawa: Nakubali asilimia mia. Plato mwenyewe alishasema: binadamu ni mwizi aliyekosa nafasi. Zima taa sokoni dakika tano uone.

Mwalimu Mstaafu: Kijiwe, taratibu. Maneno hayo Plato kamtia mdomoni Glaukoni, kaka yake, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*. Na Glaukoni anatanguliza kabisa kwamba si imani yake. Anarudia yanayosemwa na wengi, kwa ukali kadiri awezavyo, ili Sokrates, mwalimu wa Plato anayebishana naye humo, abanwe atoe jibu la maana. Ukimnukuu kama Plato, ni sawa na kumhukumu wakili kwa kosa la mteja wake.

Kuhusu swali la pili, isome hadithi pole pole. Mvua kubwa na tetemeko vinapasua ardhi pale anapochunga. Anateremka shimoni, anakuta farasi wa shaba, tupu ndani, mwenye vijimlango. Anachungulia, anaona maiti kubwa kuliko mtu wa kawaida, haina chochote ila pete ya dhahabu kidoleni. Anaivua, anatoka zake. Hapo pete bado haijafanya muujiza wowote! Nguvu yake anaigundua baadaye, katika kikao cha kila mwezi cha wachungaji cha kupeleka kwa mfalme habari za mifugo. Amekaa anaichezea, mara wenzake wanaanza kumsema kama mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo aliyepewa mtihani alikuwa amekwisha kumvua maiti mali yake shimoni. Mtu wa namna hiyo hatuambii lolote juu ya mwema.

Pwani Oyee: Wakuu, hizi pete zinapatikana wapi? Kuna mtu huku kwetu anauza za kuvuta wateja dukani, ila hii ya kutoonekana sijaiona.

Kijiwe cha Kahawa: Na muuzaji ukishamlipa ndiye wa kwanza kutoonekana 😂

Mtunza Stoo: Niwaletee ya kwangu. Nimesimamia ghala la sukari na mchele miaka mingi. Kuna kipindi kamera zilikufa na kila mtu alijua. Nilitegemea tutafagiliwa. Kuli mmoja alianza kutoka na vifurushi, tukamkamata. Waliobaki walifanya kazi kama jana. Lakini hasara kubwa, ile iliyotutoa jasho, ilitokea kamera zikiwa nzima: karani aliyeaminika kuliko wote alikuwa anaandika magunia yaliyopokelewa pungufu ya yaliyoshushwa, na ile ziada inapakiwa mchana kweupe, tena mlinzi anamfungulia geti. Huyo hakuhitaji pete. Alikuwa na jina zuri.

Mwalimu Mstaafu: Mtunza Stoo, umefika alipofika Glaukoni bila kupitia kitabuni. Pete anaiacha mapema. Mara tu baada yake analeta watu wawili: dhalimu kamili ambaye dunia nzima inamwona mwadilifu, na mwadilifu kamili ambaye dunia nzima inamwona dhalimu. Huyu wa pili atachapwa mijeledi, atafungwa minyororo, atachomwa macho, mwisho atatundikwa mtini. Kisha anauliza ni yupi kati yao mwenye maisha mema. Swali lenye uzito ni hili, maana halihitaji uchawi. Karani wako ni yule wa kwanza.

Bint Lamu: Mimi naona swali lenyewe halina msingi kwa mwenye imani. Shahidi yupo, haonekani lakini anaona. Aliyefunga anaweza kunywa maji chumbani na asijulikane, na hanywi. Mamilioni hufanya hivyo kila Ramadhani bila kamera wala polisi. Hiyo pete ingewafaa nini?

Mwalimu Mstaafu: Saumu ni mfano mzuri, nakubali. Ila Wagiriki nao waliitaja miungu. Adeimanto, ndugu mwingine wa Plato, anasimama baada ya Glaukoni na kuitibua hoja hiyo: miungu wanaona, sawa, lakini washairi wametufundisha kwamba wanatulizika kwa kafara. Basi dhulumu, kisha sehemu ya ulichodhulumu itolee sadaka. Hata kwetu tunawajua wanaokula fedha za umma na kujenga nyumba za ibada.

Bint Lamu: Hao wanajidanganya, Mwalimu. Kwetu haki ya mja haifutwi kwa sadaka, lazima umrudishie mwenyewe au akusamehe. Hoja ya Adeimanto inawapiga miungu wa washairi wake, hainigusi mimi.

Mlimwengu wa Tanga: Lakini Bint Lamu, ukisema anajizuia kwa sababu anaonwa, hujampa Glaukoni ushindi? Umebadilisha shahidi tu.

Bint Lamu: Anayefunga kwa mapenzi na anayefunga kwa hofu si mmoja. Wapo wa aina zote mbili.

Fundi Simu: Mnajadili kitu kisichowezekana. Pete ya hivyo haipo, mjadala ufungwe.

Mwalimu Mstaafu: Jibu hilo mwandishi wa Kirumi Cicero alilikuta Roma tangu mwaka 44 KK, akakasirika nalo. Aliandika kwamba wanaolitoa hawaulizwi kama inawezekana, wanaulizwa wangefanya nini kama ingewezekana. Wakisema wangejifanyia watakavyo, wamekiri uovu. Wakisema wasingefanya, wamekubali kwamba ubaya huepukwa kwa ubaya wake. Ndiyo maana wanakimbilia “haiwezekani”. Sasa Fundi, wewe ungefanyaje?

Fundi Simu: Ningeingia benki, nisidanganye. Ila kuua, hapana.

Mtunza Stoo: Hapo ndipo nilipotaka. Glaukoni anasema wema wote wataishia alipoishia Giges. Kwa nini wote waue? Wengi wetu tungechukua kidogo, tukaona aibu, tukaishia hapo. Halafu huyo mchungaji hakuwa bila shahidi. Alimuua mfalme akisaidiwa na malkia. Kuna mtu mmoja ikulu alijua kila kitu.

Mwalimu Mstaafu: Vizuri sana. Na kwa mwanahistoria Herodoto, ambako Giges ni mlinzi wa mfalme na pete haipo kabisa, malkia ndiye aliyemwona akinyemelea kutoka chumbani, akamwambia achague: amuue mfalme au afe yeye.

Mlimwengu wa Tanga: Na Sokrates alijibu nini hatimaye?

Mwalimu Mstaafu: Kwamba haki ni mpangilio wa nafsi, akili ikitawala na tamaa zikitii. Mwenye pete anayeua na kupora amezipa tamaa kiti cha enzi ndani yake, na huyo ni mtumwa hata akivaa taji. Katika kitabu cha kumi anasema nafsi itende haki, iwe na pete ya Giges au isiwe nayo.

Mtunza Stoo: Samahani Mwalimu, hilo halinitoshi. Karani wangu alikuwa mtulivu, hanywi, hana papara, tamaa zake zote zina adabu. Alipanga wizi wake kwa akili iliyotawala kwelikweli. Sokrates angejuaje kwamba nafsi yenye mpangilio haitaiba?

Mwalimu Mstaafu: Anasema mtu wa nafsi hiyo akikabidhiwa amana ya dhahabu, hakuna atakayedhani anaweza kuila.

Mtunza Stoo: Hata sisi hakuna aliyedhani.