MREJESHO: Nina laki 8, nifanye biashara gani?

Niliuliza: "Wakuu, nina laki 8, niko Morogoro. Nifungue genge au nifuge kuku?"

Asanteni sana. Nilimfuata aliyeniambia niache kwanza kutaja biashara, nichore safu nne: ninachojua, ninaowajua, nilichonacho, nisichokipenda.

Safu ya mwisho ndiyo iliyonisaidia zaidi. Niliandika "kudai watu" na genge likafa palepale, maana mtaani kwetu bila kukopesha huuzi. Kuku nao wakaondoka kwa "kuamka usiku". Zilizobaki zikaanza kuongea: najua kushona, nina cherehani ya marehemu mama, na dada mmoja kanisani anauza sare za shule.

Sasa napunguza sketi, nabadilisha zipu na kukunja pindo za suruali, malipo wakati wa kuchukua. Laki 2 na nusu tu ndiyo imetoka, ikiwemo kutengeneza cherehani.

Safu ya watu ilinidanganya. Niliandika majina 14, walioleta kazi ni 3. Ningewaandika wanaolipia ushonaji tayari, siyo kila mwenye namba yangu. Halafu Januari kazi zilifurika, Machi nikakaa siku nne bila mteja. Hapo bado natafuta dawa.