Naombeni ushauri: najifungua Juni, je, milioni 2.1 zitatosha?

Mama Kijacho: Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, nina ujauzito wa wiki 19, wa kwanza. Kliniki wamenipa makadirio ya tarehe 15 Juni. Mshahara wangu ni 900,000 kabla ya makato, na akiba niliyonayo ni milioni 2.1. Mume wangu ni dereva wa malori, kipato chake hupanda na kushuka, lakini kodi ya nyumba analipa yeye. Nataka kujua kama hiyo akiba itatosha kujifungua, kukaa nyumbani miezi mitatu, kisha kuweka dada wa kazi. Usingizi sipati. Naombeni mchango wenu.

Shangazi wa Kirumba: Hongera mwanangu. Mtoto huja na riziki yake. Sisi tulizaa sita bila daftari la hesabu na wote wamesoma. Punguza mawazo, yanamfikia mtoto.

Nesi Mstaafu: Mdogo wangu, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, nikuambie kitu kimoja. Usipange bajeti ya kujifungua kawaida. Panga ya upasuaji, ukijifungua kawaida ushukuru. Hospitali ya serikali mjamzito kisera hachangii, lakini nenda na vifaa vyako: mpira wa kulalia, glavu, pamba, nyembe mpya, kanga safi na beseni. Kama unataka binafsi, nenda sasa hivi ukaulize bei mbili, ya kawaida na ya upasuaji, na uulize kama kitanda na dawa vimo ndani. Binti yangu aliambiwa laki 6, akatoka na deni la milioni 1.7, kwa sababu uamuzi wa kumpasua ulifanyika saa 9 usiku na hakuna aliyekuwa ameuliza. Na muwe na ndugu wawili wa kuchangia damu, mjue mapema.

Baba Pacha: Mimi wangu walikuja wawili, nikapewa siku 3 za likizo ya baba. Siku ya kwanza kutafuta damu, ya pili kutafuta dawa, ya tatu nikalala. Mwambie mumeo asiombe safari ya mbali mwezi huo.

Mizani: Dada, hesabu yako yote imekalia miezi mitatu ya likizo. Una uhakika utalipwa? Upo kwa mwajiri huyo tangu lini, na utakuwa hapo Juni?

Mama Kijacho: Nipo miaka minne. Likizo si nitalipwa tu? Naomba turudi kwenye gharama za dada wa kazi.

Mizani: Hujajibu swali la pili.

Mama Kijacho: Sawa. Nimepata kazi nyingine, mshahara 1,150,000. Naanza tarehe 1 Februari. Huku nimeshaandika notisi ya siku 28, inaisha tarehe 31. Kule sijawaambia kuhusu ujauzito, bado hauonekani. Najua mtanisema, lakini nyongeza ya 250,000 kila mwezi kwa mtu anayetarajia mtoto si ndogo. Na bosi wa hapa ana kauli chafu.

Fundi Rangi: Umefanya vizuri. Siku 84 ni haki ya kila mwanamke aliyeajiriwa, hata kama umeanza jana. Wakikataa wapeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mizani: Fundi, siku 84 ni kweli, na wakiwa mapacha ni 100. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Februari hadi katikati ya Juni ni miezi minne na nusu. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo haimhusu aliye chini ya miezi 6. Kumbagua mtu kwa ujauzito ni kosa, ila wakimwondoa na kusema ni mambo ya majaribio, atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha.

Dada, tupige hesabu. Ukibaki, siku 84 kwa 30,000 kwa siku ni 2,520,000 utakazolipwa ukiwa na mtoto mkononi. Ukihama, nyongeza ya miezi minne na nusu ni 1,125,000. Unapungukiwa karibu milioni 1.4, na miezi hiyo mitatu hakuna mshahara unaoingia.

Mama Kijacho: Lakini nyongeza itaendelea baada ya hapo.

Mizani: Itaendelea ukirudi na kukikuta kiti chako. Sisemi kazi ni mbaya. Nasema waombe waandike kwenye mkataba kwamba utapata likizo ya uzazi yenye malipo ingawa hujatimiza miezi 6. Mkataba unaruhusiwa kukupa zaidi ya sheria. Au waombe uanze Oktoba, ukishamaliza likizo kwa mwajiri wa sasa. Kuficha hakutakusaidia, maana taarifa ya likizo hutolewa miezi mitatu kabla pamoja na cheti cha daktari, yaani katikati ya Machi.

Mpita Njia 22: Mimi naona uzi huu umetungwa. Kwanza anajifungua Juni, sasa likizo Machi. Mwanzo akiba ilikuwa jibu la swali, ghafla kuna kazi mpya. Kama akiba ni milioni 2.1, lipia hospitali uache kelele. Wiki hizi watu wanatunga visa wapate wafuasi.

Nesi Mstaafu: Machi ni taarifa, siyo likizo. Soma tena kijana.

Mama Kijacho: Sijatunga. Kinachoniuma ni kwamba kuhusu akiba umegusa penyewe. Kwenye hiyo milioni 2.1, milioni 1.2 ni hisa zangu za kikoba. Tunavunja Desemba. Ninayoweza kuishika Juni ni laki 9. Na kila mwezi natakiwa kuweka 100,000, nikikosa napigwa faini.

Mama Wawili wa Buzuruga: Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nikakopa kikoba nilipie kujifungua, nikarudi kazini marejesho yanakula mshahara wa dada wa kazi. Omba kikundi kikupunguzie hisa miezi mitatu, uombe SASA wakati huna shida. Kuhusu dada, mlete mwezi mmoja kabla hujarudi kazini. Mimi wa kwanza alikaa siku 11 akaondoka, na nilishalipa nauli yake. Na usisahau zile saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ni haki yako. Mimi nilizitumia mwisho wa siku, natoka saa 9 badala ya 11, kituo cha kulelea watoto wakanipunguzia bei.

Mizani: Dada, umeshakagua NSSF? Fao la uzazi halijali umehama mwajiri, linaangalia michango yako: angalau miezi 36, na 12 kati yake iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Nenda na namba yako ya uanachama uombe taarifa ya michango. Usiamini karatasi ya mshahara, hiyo inaonyesha kilichokatwa tu.

Mama Kijacho: Nimerudi. Nimetoka NSSF sasa hivi. Miaka minne wamenikata kila mwezi. Iliyoingia ni miezi 31.

Fundi Rangi: Duh.

Mizani: Basi hiyo miezi 17 idai ukiwa bado ndani. Andika barua, ambatisha karatasi zako za mshahara, nakala iende NSSF, wana mamlaka ya kumdai mwajiri. Ikiingia, unavuka 36. Kufuta notisi inawezekana, ila mpaka mwajiri akubali.

Shangazi wa Kirumba: Na bosi mwenyewe ana kauli chafu. Atakubali kweli?

Mama Kijacho: Sijui shangazi. Kesho saa 2 asubuhi naingia na taarifa ya NSSF mkononi. Mkataba wa kule sijausaini, nitawapigia baada ya hapo niwaambie kuhusu Juni.