Mrejesho: mswada wa chumba kimoja

Niliuliza: "Nina mswada wa filamu ya dakika 30, wahusika wawili, chumba kimoja, kwa nini taharuki inalegea katikati?"

Nimeuandika upya, na kosa halikuwa udogo wa chumba. Katika rasimu ya kwanza mhasibu alikiri wizi katika ukurasa wa 9, hivyo zilizofuata zikabaki kurasa za kelele tu, kwa kuwa hapakuwa na la kuficha. Sasa mtazamaji anamwona mapema akiusukuma ufunguo wa kasha la fedha chini ya zulia kwa kidole cha mguu, ilhali mlinzi hajui. Na kila mlinzi anaposogeza kiti karibu na zulia hilo, hata swali la sukari ya chai linakuwa zito. Kisha niliandika pembeni mwa kila onyesho ni nani ameshika mpini, nikafuta maonyesho matatu ambayo mpini haukubadili mkono (moja nililipenda mno). Kukiri kumehamia ukurasa wa 26, baada ya mlinzi kuvua viatu na kukanyaga kitu kigumu. Mlango, uliokuwa na kufuli, sasa uko wazi tangu mwanzo: mhasibu haondoki kwa sababu ufunguo umo ndani.