Namba 7 au namba 13: nani mkabaji bora?

Kibuyu: Wadau, tunatoa zawadi ya mlinzi bora wa mechi ya raga ya Jumamosi. Namba 7 kakaba mara 18, namba 13 mara 9 tu. Mimi naona hapa hakuna mjadala.

Raki_na_Moli: Upo. Hao waliponyokwa na wangapi?

Kibuyu: Nimerudia video. Namba 7 kaponyokwa mara 6, namba 13 mara 1.

Raki_na_Moli: Basi namba 7 alipata nafasi 24, akafaulu 18: asilimia 75. Mwenzake 9 kati ya 10: asilimia 90. Halafu hesabu ya jumla hupandishwa na mpira kuwa kwa wapinzani. Kumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia la raga 2023: Ayalandi walishika mpira awamu 37 mwishoni, Nyuzilandi wakikaba tu hadi wakashinda 28-24. Dakika zile Mwayalandi angeongezaje kukaba hata mara moja, na mpira ni wao?

Mama_Winga: Kwa asilimia basi mwanangu ndiye bingwa! Winga, kakaba 2, hajakosa hata mmoja. Mia kwa mia.

Raki_na_Moli: Hongera kwake mama, ila mara mbili ni chache mno. Mimi humwongezea kila mchezaji nafasi 20 za kubuni kwa kiwango cha wastani. Tuseme wastani ni asilimia 85, yaani 17 kafaulu na 3 kakosa. Winga anakuwa 19 kwa 22, asilimia 86. Namba 13 anapata 26 kwa 30, asilimia 87. Namba 7 ni 35 kwa 44, kama 80. Akicheza mechi nyingi, hizo 20 hazitamsukuma sana.

Kocha_Daftari: Mnamwonea namba 7. Kwenye timu yangu ya shule naandika pia alikabia wapi. Kando ya raki, pale wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, mtu anakujia moja kwa moja na una wenzako kushoto na kulia. Namba 13 anakaba kwenye uwazi.

Raki_na_Moli: Hapo umemsaidia namba 13, kocha. Yake ndiyo ngumu zaidi, na bado kakosa mmoja tu.

Kocha_Daftari: Haya, nakubali. Lakini kuna wa tatu: anayechelewa kufika. Hakugusa mtu, kwa hiyo haandikiwi kosa. Flanka kama namba 7 akivutwa ndani, winga anabaki peke yake na watu wawili, akipitwa kosa linaandikwa lake. Mimi humwandikia aliyeacha pengo.

Kibuyu: Nani anaamua pengo lilikuwa la nani? Mimi na wewe tukitazama video moja tutagombana.

Kocha_Daftari: Tutagombana kweli. Ndiyo maana tunahesabu tukiwa watu wawili, na pale tusipoafikiana hatumwandikii yeyote.

Raki_na_Moli: Hilo silipendi, linawafutia makosa wanaotegea. Kibuyu, zile 6 za namba 7 zilitokea wapi: kando ya raki au alipotoka kufukuza?

Kibuyu: Nne ni dakika za mwisho, kachoka. Narudi kwenye video.