Tupeane uzoefu: barua ya kumwomba mwajiri nisikae mfululizo kwa sababu ya bawasiri

Mwanzisha mada
Habari zenu, wanajamvi. Kazi yangu ni kuingiza takwimu kwenye kompyuta, saa sita za kukaa ukiondoa saa moja ya chakula. Wiki iliyopita nilitokwa na uvimbe mgumu kama harage pembeni ya njia ya haja kubwa, na daktari akasema ni bawasiri ya nje iliyoganda damu ndani. Nilimwandikia meneja mstari mmoja tu: "Naomba kupunguziwa kukaa kwa kuwa nasumbuliwa na bawasiri." Akaniuliza nipunguziwe kiasi gani, hadi lini, na kazi itafanywa na nani, sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, barua ilipitia masjala, na kesho yake mtu mmoja akaniuliza kwa kicheko kama kiti kinaniunguza. Mliowahi kukubaliwa, mliandikaje?

Tulizo
Pole sana. Usihangaike na barua, nunua mto wa mviringo wenye tundu katikati. Mimi niliukalia na maumivu yakaisha ndani ya wiki mbili.

Mpokea Barua
Mto huo huwasaidia baadhi ya watu, lakini wengine huona uvimbe unaning'inia kwenye tundu na kuuma zaidi. Aidha, bawasiri ya aina hiyo huuma sana siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua yenyewe katika wiki moja au mbili, kwa hiyo huenda sifa zote si za mto.

Nimekuwa nikipokea barua za namna hii kwa miaka mingi, na zinazokwama ni zile zinazosimulia maumivu bila kusema mtu anaomba nini. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUTOKAA MFULULIZO KWA MUDA WA WIKI NNE

Husika na somo tajwa hapo juu. Nina tatizo la kiafya linalosababisha maumivu makali ninapokaa muda mrefu, kama cheti cha daktari kilichoambatishwa kinavyoeleza. Naomba kila baada ya dakika 45 za kukaa niruhusiwe kusimama na kutembea kwa dakika 5. Mapumziko hayo yatakuwa matatu kabla ya chakula na matatu baada yake, jumla dakika 30, nami nitazifidia kwa kutumia nusu saa tu ya chakula. Naomba tukutane mwishoni mwa wiki ya nne tuone kama utaratibu huu bado unahitajika."

Angalia kwamba jina la ugonjwa halimo. Mwombe daktari aandike kwenye cheti usichoweza kufanya na kwa muda gani, kisha weka barua katika bahasha iliyoandikwa "SIRI" na umkabidhi mhusika mkononi.

Msema Kweli
Hapo kwenye kuficha jina sikubaliani nawe. Mimi nilificha, na msimamizi akadhani nina ugonjwa wa kuambukiza, ikabidi nijieleze mbele ya watu watatu. Afadhali ningelitaja mapema.

Mpokea Barua
Inategemea unayempelekea ni nani. Ukimwamini, mwambie kwa mdomo. Maandishi hubaki kwenye faili hata baada yako kupona.

Usukani
Mimi ni dereva wa safari ndefu, naona damu nyekundu chooni lakini siumwi. Dawa gani inafaa? Kusimama kila dakika 45 kwangu haiwezekani.

Mpokea Barua
Ndugu yangu, mada ni barua, ila hili lako lisingoje. Bawasiri ya ndani hutoa damu bila maumivu, lakini magonjwa mengine ya utumbo pia hutoa damu, kwa hiyo pimwa kwanza. Kuhusu kazi, omba vituo vya kusimama vipangwe kwenye ratiba ya safari, maana kukatiza njiani bila mpango hakuna atakayekubali.

Tulizo
Na daktari aliniambia nisikae chooni na simu. Nilikuwa nakaa nusu saa nzima, kumbe nako ni kukaa.

Mwanzisha mada
Nashukuruni. Leo nimepeleka barua mpya, nikaongeza ombi la meza ndefu ya kusimamia na dakika 15 za kukalia beseni la maji ya uvuguvugu mchana. Mapumziko sita yamekubaliwa kwa wiki nne. Meza imekataliwa kwa sababu ya gharama. Kuhusu beseni, meneja alinyamaza kidogo akauliza nitalikalia wapi, nami kwa kweli sikuwa nimefikiria, kwa kuwa choo chetu ni kimoja na watu ni kumi na wanne. Nimeamua nitalikalia nyumbani asubuhi baada ya choo, na jioni. Ila hiyo nusu saa ya chakula niliyoitoa inanitatiza, kwa sababu foleni ya chakula peke yake huimaliza. Kuna aliyewahi kufidia dakika hizo kwa njia nyingine?