Naomba ushauri: beji ya mionzi imesoma juu, leseni inakaribia kuhuishwa

Wakuu, habari. Kituo kimoja hapa Dodoma kinajiandaa kuhuisha leseni ya eksirei TAEC. Beji ya mtaalamu mmoja imesoma milisivati 6 kwa miezi mitatu, wakati wenzake wa zamu zilezile hawafiki 0.3. Kikomo ni wastani wa 20 kwa mwaka, kwa hiyo hajavuka, lakini tofauti hiyo lazima ielezwe. Koti lake lilikuwa likitundikwa ndani ya chumba cha kupigia picha, beji ikiwa imebanwa mfukoni. Huenda imepokea mionzi ambayo mwili haukuipata. Kuifuta namba kienyeji sikubaliani nako kabisa. Mliowahi kuandika ripoti ya uchunguzi, dozi halisi mliikadiria kwa rejista ya wagonjwa au kwa vipimo vyake vya nyuma? Na mliambatanisha nini?