Mrejesho: kinga ya pampu ya kisima maji yakiisha

Swali lilikuwa: "Kinga inazima pampu maji yakiisha, lakini baada ya dakika 2 inaiwasha tena, inazima, inawasha. Nibadili nini?"

Kihisi cha mkondo wa umeme hakikuwa na kosa. Muda wa kusubiri kabla ya kuwasha tena ndio ulikuwa mfupi mno. Ikisukuma maji, mota inakula ampea 8, ikikosa maji inashuka hadi 5.2. Kiwango cha kuzima kimebaki chini ya ampea 6.5 kwa sekunde 5 mfululizo, ili mapovu machache yasiizime. Kina kilipimwa kwa kamba yenye uzito kila dakika 10: maji yalirudi vya kutosha baada ya dakika 40, hivyo muda wa kusubiri sasa ni dakika 45. Valvu ya kutolea ikifungwa, ampea hushuka vilevile, na kinga hudhani kisima kimekauka.